Pointi bila maneno ni maoni tu

Sisi vijana wa Lubumbashi tunajua vizuri namna kuulizwa kazi kunavyokwenda hapa kwetu. Unaingia, unakuta watu wanne nyuma ya meza. Wa kwanza anakuuliza: «Jitambulishe.» Wa pili anauliza kama unajua kuchapa ku ordinateri. Wa tatu, bila kunyanyua macho, anauliza: «Baba yako ni wa teritware gani?» Unajibu, na hapo hapo unaona sura zinabadilika, ama zinafunguka ao zinafungika. Wa ine anaangalia simu. Kisha unatoka, na mwenzako anaingia kuulizwa mambo mengine kabisa. Jioni wanasema fulani amepita juu alipata 16, wewe 11. Kumi na sita ya nini? Hakuna mwenye anaweza kukuonyesha.

Kila mara kitu kama hiki kinatokea, tunapiga kelele juu ya ukabila na juu ya bahasha. Na ni sawa kupiga kelele. Lakini leo tunataka kusema kitu kingine, juu tumekiona kwa macho yetu: hata watu wazuri, wasio na kabila la kusaidia wala bahasha mfukoni, wakiketi bila maulizo yaliyoandikwa na bila fishi ya pointi yenye maneno, watahukumu ovyo. Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulifanya ile kazi, na karibu tuharibu.

Ilikuwa mu Katuba. Komite ya foraji moja ya kartye ilikuwa inatafuta mtunza-robine, yaani mtu wa kufungua maji asubuhi, kupokea pesa za bidoni, kuandika daftari na kuzima pompi kama kuna shida. Watu saba walijiandikisha kwa kazi moja. Komite ikatuomba tuwasaidie ili watu wasiseme baadaye kwamba walipanga. Juri ilikuwa ya watu wanne: prezida wa komite ambaye ni mzee wa avenyu, mama mmoja muuzaji wa soko, mwalimu wa shule ya msingi, na teknisye wa pompi. Sisi tulikuwa tunashika makaratasi tu. Hatukutoa pointi.

Kitu cha kwanza komite walitaka kufanya ni kuandika maulizo. Tukawaambia hapana, tungoje kidogo. Ulizo linatoka mu kazi yenyewe, halitoki mu kichwa cha mwenye kuuliza. Kwa hiyo tulikaa na teknisye na mtu aliyewahi kufanya ile kazi mbele, tukawauliza kitu kimoja: ile kazi inaharibikaka wapi? Majibu yao hayakuwa yale tuliyofikiri. Sisi tulidhani shida ni wizi. Wao wakasema wizi upo, lakini shida tatu zingine zinakuja mbele yake. Daftari na pesa haviambatani na mtu hasemi. Foleni inaleta vita, juu wakubwa wanatuma watoto wao wapite mbele. Na umeme ukirudi ukiwa mdogo, mtu asiyejua anaacha pompi inazunguka mpaka mota inaungua. Kuamka mapema kukawa kitu cha ine. Tazameni: hakuna hata kimoja kinachohitaji kujua baba yako ni wa teritware gani.

Kutoka pale tukapata maulizo manne, moja kwa kila shida. Na kwa kujua kama mtu anaweza kuhesabu hatukuuliza kabisa. Tuliandika ukurasa mmoja wa daftari, mistari kumi ya bidoni na pesa, ndani yake hesabu moja ya uongo, tukampa kila mtu dakika kumi aitafute. Vitu kama hivi havitafutwi kwa mdomo. Mtu anaweza kukueleza vizuri sana namna anavyojua kuhesabu, na hajui.

Sasa, ulizo lenyewe. Mzee alipendekeza: «Wewe ni mwaminifu?» Tulicheka naye, lakini maulizo ya namna ile yanaulizwa kila siku mu mabiro makubwa ya mji huu. Nani atajibu hapana? Ulizo lenye jibu moja tu halitenganishi watu. Tukaliandika hivi: «Tueleze siku moja ulikuwa unashika pesa ya wengine na pesa haikuenea. Ulifanya nini?» Mwalimu akasema: na kijana ambaye hajawahi kupata kazi? Alikuwa na haki, juu wengi wetu njo tuko hivyo. Tukaongeza mstari chini yake: inaweza kuwa pesa ya likelemba, ya kanisa, ya nyumbani, ya matanga. Kila mtu mu Katuba amekwisha kushika pesa ya matanga.

Kwa foleni tulitumia njia nyingine. Badala ya kuuliza siku iliyopita, tuliweka hali mbele yake: ni saa kumi na mbili asubuhi, watu thelathini wako mu foleni, mtoto wa mkubwa wa avenyu anakuja na bidoni sita na anasema baba amemtuma apite mbele. Utafanya nini, na utamwambia nini? Namna zote mbili zinafaa. Kile tulichokataza ni kubadilisha maneno. Kila mtu alisomewa ulizo lilelile, kwa mpango uleule, na mtu mmoja wa juri alikuwa na ulizo lake siku nzima. Kama jibu ni fupi, kulikuwa na maneno mawili tu ya kuongeza, nayo yaliandikwa: «Wewe mwenyewe ulifanya nini?» na «Ikaishia namna gani?» Bila hivyo, yule tunayempenda tunamsaidia na maulizo madogo madogo mpaka anafika ku jibu, na yule mwingine tunamwacha anazama peke yake. Hakuna mwenye anafanya hivyo kwa kusudi.

Sasa tufike ku fishi, juu pale njo kuna moyo wa hii kazi.

Fishi nyingi tunazoziona mu mji zina kolone ya pointi na maneno matatu: mbaya, wastani, nzuri sana. Zile si fishi. Ni karatasi yenye mistari. «Nzuri sana» ya mwalimu na «nzuri sana» ya mama wa soko ni vitu viwili tofauti, kisha unavijumlisha kama vile unajumlisha ndizi na misumari. Namba inapata maana tu kama mbele yake kuna maneno ya kile mtu alisema ao alifanya. Kwa ulizo la pesa, tuliandika hivi, kutoka 1 mpaka 5. Mtu anapata 1 kama anasema haijawahi kumtokea, ao anatupa kosa kwa mwingine na haelezi alichofanya yeye. Anapata 3 kama alimwambia mwenye pesa, lakini kisha siku nyingi ao kisha kuulizwa. Anapata 5 kama alihesabu upya, akasema siku ileile mbele ya kuulizwa, na akabadilisha kitu ili isirudi tena. Namba 2 na 4 ni za mtu aliye katikati. Maneno haya hatukuyatunga sisi. Tulimuuliza teknisye na yule mtunza wa zamani: mtu mzuri wa ile kazi angejibu nini, wa kawaida angejibu nini, na yule unayemwogopa angejibu nini?

Siku mbili mbele ya kazi yenyewe, tulijaribu fishi. Mmoja wetu alijifanya kandida. Alijibu kwa Kiswahili cha hapa, anasitasita, lakini jibu lake lilikuwa na vitu vyote vya 5. Kila mtu aliandika pointi yake bila kusema, kisha tukageuza makaratasi pamoja. Mama 5, teknisye 5, mzee 4, mwalimu 2. Mwalimu tukamuuliza bila kumshambulia: uliona nini? Akasema hakujieleza vizuri. Tukatafuta mu fishi mahali palipoandikwa «kujieleza vizuri». Hapakuwa. Mwalimu alikuwa anapima Kifaransa chake kisichokuwapo. Yeye mwenyewe akacheka. Lakini fikirini: bila ile jaribio, mwalimu angefanya vile kwa watu saba, na tungesema tu mwalimu ni mkali. Pale pale tukakata: kandida anachagua lugha, na lugha haina pointi, juu ku robine watu hawatamwomba maji kwa Kifaransa. Kama kazi ingekuwa ya kuandika barua za komite, tungekata namna nyingine.

Sheria yetu ya jaribio ilikuwa nyepesi. Pointi zikitengana kwa 2 ao zaidi ku jibu moja, kuna neno mu fishi ambalo haliko wazi, ao kuna mtu anapima kitu ambacho hakimo. Unarekebisha mbele ya kandida wa kwanza kuingia. Kisha pale, hurekebishi tena.

Siku ya kazi, kila mtu wa juri alikuwa na kisanduku kikubwa cha kuandika maneno ya kandida, na kisanduku kidogo cha pointi. Kwanza maneno, kisha namba, kisha ulizo lingine. Hakuna kuzungumza mpaka makaratasi yafike kwetu. Hii si sisi tuliyoivumbua. Mwaka 1955, Daniel Kahneman, yule aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mu 2002, alikuwa kijana wa miaka 21 mu jeshi la Israeli, akapewa kazi ya kupanga namna ya kuwahoji askari wapya. Alichagua tabia sita, kila moja na maulizo yake ya mambo yaliyotokea kweli, na akalazimisha wenye kuuliza watoe pointi ya tabia moja mbele ya kupita ku nyingine. Wakanung'unika kwamba anawageuza kuwa mashine. Lakini jumla ya zile pointi sita ilionyesha kesho ya askari vizuri kupita ile njia ya zamani ya kumwangalia mtu na kusema «huyu atafaa». Sababu ni nyepesi: ukipenda mtu ku ulizo la kwanza, unampenda ku yote. Kuandika namba na kuifunga kunakata ile kamba.

Na sasa tufike kwa mama wa tatu.

Kandida wa tatu alikuwa mjane, anajulikana ku avenyu, anaheshimiwa. Sote, hata sisi washika makaratasi, tulitaka apite. Ku ulizo la pesa alieleza kwamba alikuwa anashika likelemba, ikakosekana 2000 franka, akazijaza na pesa yake mwenyewe. Alieleza kwa upole na chumba kizima kikamfungulia moyo. Makaratasi yalipofika, tukasoma: mama wa soko 5, mwalimu 4, mzee 4, teknisye 1.

Mzee akataka kukasirika. Ungefanya nini pale? Njia rahisi ni kuchukua katikati: 14 kwa watu wanne, ni 3,5, tupite mbele. Njia nyingine ni watatu kumlemea mmoja mpaka anabadilisha. Sheria yetu ilisema kitu kingine: pointi zikitengana kwa 2 ao zaidi, kila mtu anasoma maneno aliyoyaandika, si maoni yake, maneno ya kandida. Na aliye mdogo kwa umri anaanza, juu mzee akisha kusema, mu desturi yetu, nani atasema kinyume?

Mwalimu alisoma: «Alilipa mwenyewe.» Mama wa soko alikuwa ameandika maneno matatu tu: «Mama wa ukweli.» Mzee hakuandika kitu. Teknisye akasoma: «2000. Aliweka yake. Hakusema kwa mtu. Mwisho wa mwezi walimuuliza, njo akasema.»

Chumba kikanyamaza. Watatu walisikia yale maneno, kila mmoja akakumbuka kwamba kweli alisema hivyo. Fishi ilikuwa wazi: kusema kisha kuulizwa ni 3. Teknisye akatueleza kwa nini yeye alishuka mpaka 1. Ku foraji, akasema, pesa zisipoambatana na kompteri ya maji, pale njo unajua kwamba tiyo inavuja ao robine inatoa zaidi. Mtu anayeziba shimo na pesa yake anazima taa ya kukuonya. Na kesho, pesa yake ikiisha, atairudisha kutoka mu kesi kimya kimya, bila kujiona mwizi. Lakini naye tukamwambia ukweli: 1 ni ya mtu asiyeeleza alichofanya, na huyu alieleza. Akakubali. Kila mmoja alipiga mstari ku namba ya kwanza bila kuifuta, akaandika mpya pembeni na kutia sahihi. Zikawa 3, 3, 3 na 2.

Kumi na moja kugawanya kwa ine ni 2,75. Na mbele ya siku ile, komite ilikuwa imeandika ku fishi: mwenye wastani wake ku ulizo la pesa uko chini ya 3, hapiti, hata kama mengine yote ni 5.

Mengine yake yalikuwa ya juu kupita wote.

Hatutadanganya, tulizungumza zaidi ya saa moja. Mama wa soko akasema robo ya pointi si kitu, ni kalamu ya mtu mmoja tu. Na alikuwa na haki. Sisi wenyewe tuliona pale kosa letu: kwa juri ya watu wanne, mpaka wa 3 unampa mtu mmoja nguvu ya kumfunga kandida. Tungeandika «watatu kati ya wanne watoe 3 ao zaidi», angepita. Lakini hatukuandika. Na kama tungebadilisha sheria tukiwa tunajua ni jina gani linapita kwa sababu yake, basi ile fishi yote ingekuwa mapambo ya ukuta. Kandida wa tano, ambaye hakuna aliyemjua ku avenyu, angekuwa na haki gani tena? Komite ikashika sheria. Mama hakupita. Alikuja kuuliza kwa nini, tukamsomea maneno yake na maneno ya fishi. Hakufurahi. Lakini hakusema kwamba tulimkatalia kwa ajili ya kabila ao ya pesa. Alisema: «Basi mngeandika sheria vizuri.» Mpaka leo hatuna jibu la kumpa. Sheria mpya, ile ya watatu kati ya wanne, iko ku fishi ya mara ijayo.

Kijana aliyepita anafanya kazi vizuri, daftari lake na kompteri vinaambatana siku nyingi. Hiyo haihakikishi fishi. Mtu mmoja haihakikishi kitu. Na fishi haizuii mkubwa kupiga simu usiku na kuamuru jina. Kinachobadilika ni kwamba akiamuru, kuna karatasi nne zenye sahihi zinazosema kitu kingine, na mtu atalazimika kuzipoteza.

Wengine watatuambia hii ni mambo ya Wazungu. Ee, tunakumbuka mambo ya Wazungu. Mu 1952, kwa dekre ya tarehe 17 mwezi wa 5, serikali ya koloni iliweka «imatrikulasyo» kwa Mkongomani aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Komisyon ilikuja mpaka nyumbani, ikaangalia sahani, vijiko na makanya, namna mke anavyotunza nyumba. Kipimo kilikuwa nini? Ustaarabu. Namba ngapi, kwa tendo gani? Hapakuwa. Patrice Lumumba alikataliwa mara ya kwanza, akakubaliwa kisha kulalamika, mu 1954. Mtu yuleyule, nyumba ileile. Babu zetu walipimwa na watu wasiokuwa na fishi, na leo sisi tunapimwa na ndugu zetu kwa ulizo la teritware. Ni komisyon ileile, imebadilisha tu kiti.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo kwa kila biro, kila susu-treta wa mikodi, kila shirika na kila kanisa linaloajiri mu Haut-Katanga. Maulizo yaandikwe na kufungwa mu bahasha mbele ya kusoma majina. Maneno ya 1, ya 3 na ya 5 yaandikwe kwa kila ulizo. Na mwenye kukataliwa akija kuomba, asomewe pointi zake na maneno yake mwenyewe, bila kusomewa ya wengine. Kwenu vijana mnaoenda kuulizwa: mkifika ku lile ulizo la baba yako, ulizeni kwa heshima, «Mzee, hiyo iko na pointi ngapi ku fishi?»

Fishi ya Katuba ina kurasa mbili. Kila komite ya kartye inayotaka kuitumia ije kutuona, tutaleta na kalamu. Lakini maneno ya 1, 3 na 5 msiyakopi. Ya kwenu yatatoka kwa mtu wenu anayejua kazi yenu inaharibikaka wapi.